Ankara ya Mgonjwa: Safari ya Kutoka Faili la Wodi Hadi Dirisha la Keshia

Serikali ya Uganda ilifuta malipo katika hospitali na vituo vyake vya tiba mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Hata hivyo familia nyingi bado hutibiwa katika hospitali za misheni na za watu binafsi, na huko siku ya kuruhusiwa ndiyo siku ya ankara. Askari aliyelaza mtoto hupewa karatasi yenye jumla moja nzito, naye hana njia ya kujua fedha zake zimekwenda wapi. Karatasi ya namna hiyo haimsaidii hata akitaka kurudishiwa gharama na mwajiri wake au na chama chake cha akiba.

Ankara iliyochambuliwa hupangwa katika mafungu matano: kuonwa na daktari, vipimo, vitendo vya tiba, dawa, na siku za kitanda. Kuyataja mafungu hayo ni rahisi. Ugumu umo katika kulisoma faili, kwa maana faili limejaa mambo yaliyoagizwa ambayo hayakufanyika, na mgonjwa hudaiwa kilichofanyika tu.

Chukua mfano wa mtoto wa konstebo, umri miaka minne, uzito kilo 14, aliyefikishwa hospitalini Jumanne saa moja usiku akiwa na degedege. Mtoto huyu ni wa kubuni, na bei zitakazotajwa ni za mfano, lakini ugonjwa wake hujulikana katika kila wodi ya watoto nchini humo. Alikutwa na malaria kali, sukari imeshuka, na damu imepungua mno. Usiku ule ule aliongezewa damu, akaanzishiwa sindano za atesunati na za seftriaksoni, kwa sababu daktari alihofia homa ya uti wa mgongo. Ijumaa saa nne asubuhi aliruhusiwa.

Karani mzoefu haanzi na mafungu. Kwanza hulisoma faili kwa mfuatano wa saa, tangu mapokezi hadi kuruhusiwa, na kila agizo la daktari hulitafutia ushahidi wake mahali pengine. Kipimo hushuhudiwa na daftari la maabara, na dawa hushuhudiwa na karatasi ya dawa ya wodi, ambamo muuguzi hutia herufi za jina lake katika chumba cha kila saa aliyotoa dozi. Agizo lisilo na shahidi huachwa nje mpaka muuguzi wa zamu aulizwe.

Katika faili la mtoto huyu daktari aliandika kwamba mkojo upimwe. Daftari la maabara halina mkojo wa mtoto huyo, kwa hiyo kipimo hicho hakiingii. Wingi wa damu umeandikwa mara tatu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Lakini mstari wa Jumatano hauna tarakimu ya jibu, una neno moja tu, “imeganda.” Chupa iliharibika na damu ikachukuliwa upya kesho yake. Mzazi hulipa vipimo viwili, si vitatu, kwani kosa la chupa si la mtoto.

Fungu la dawa ndilo linalokosewa zaidi, nalo lastahili subira. Seftriaksoni iliagizwa kwa siku tano, vichupa viwili kila siku. Karani mwenye haraka huzidisha na kupata vichupa kumi. Karatasi ya dawa, hata hivyo, ina saini mbili tu, ya Jumanne usiku na ya Jumatano usiku, kisha kuna mstari uliopigwa Alhamisi asubuhi, yalipokuja majibu ya maji ya uti wa mgongo kwamba ni safi. Basi ni vichupa vinne. Kama famasi ilikwisha peleka vyote kumi wodini, sita vilivyobaki hurudishwa kwa hati, na hati hiyo ibandikwe ndani ya faili.

Atesunati nayo ina hesabu yake. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, hivyo huyu alihitaji miligramu 42, na kichupa kina 60. Mzazi aweza kuuliza kwa nini adaiwe kichupa kizima. Sababu ni kwamba dawa hiyo ikishachanganywa hutakiwa kutumika ndani ya saa moja, na salio humwagwa. Alichomwa Jumanne saa mbili usiku, Jumatano saa mbili asubuhi, Jumatano saa mbili usiku, na Alhamisi saa mbili usiku: vichupa vinne. Ijumaa asubuhi alianza vidonge vya mseto, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu, yaani vidonge sita, na vyote huandikwa hata kama vitano alikwenda kuvimezea nyumbani.

Likija suala la vitendo vya tiba, yapo mambo mawili yanayowatatiza hata makarani wa siku nyingi. La kwanza ni tukio moja lenye sehemu mbili. Kuchota maji ya uti wa mgongo ni kitendo cha mkono wa daktari. Kuyachunguza ni kazi ya maabara. Kila sehemu huenda katika fungu lake, na hapo hakuna kudaiwa mara mbili. La pili ni damu. Damu yenyewe haiuzwi, kwa hiyo haina mstari wa bei. Kinachodaiwa ni kuilinganisha na ya mtoto, ambacho ni kipimo, na kuitundika pamoja na mpira wake, ambacho ni kitendo. Mpira huo usionekane tena peke yake chini ya dawa.

Siku za kitanda huhesabiwa kwa usiku wa manane. Mtoto alilala Jumanne, Jumatano na Alhamisi; ni siku tatu. Anayehesabu kwa vidole tangu Jumanne hadi Ijumaa hupata nne, akaidai siku ya kuingia na ya kutoka kwa pamoja.

Hapo ndipo mistari huhamishiwa katika mafungu, kila mmoja ukiwa na tarehe, idadi, bei ya kimoja na jumla yake. Kuonwa usiku wa dharura na mizunguko mitatu ya daktari ni shilingi 50,000. Hospitali nyingine huuweka mzunguko ndani ya bei ya kitanda. Huko mstari huo usiwepo kabisa. Vipimo ni 76,000, vitendo 80,000, dawa 83,000, na kitanda 60,000. Jumla ni shilingi 349,000. Kwa kuandika yaliyoagizwa badala ya yaliyofanyika, ankara hiyo hiyo ingefika 413,000: seftriaksoni ingeongeza 30,000, siku ya nne ya kitanda 20,000, chupa iliyoganda 8,000, na mkojo usiopimwa 6,000.

Amana huja chini kabisa, baada ya jumla, wala haipunguzwi ndani ya fungu lolote. Konstebo aliweka 150,000 usiku wa kwanza. Amebakiwa na 199,000. Akiwa na shaka juu ya mstari wowote, aombe aonyeshwe karatasi ya dawa na mstari wa daftari la maabara kabla ya kulipa, kwa sababu faili likisharudi katika chumba cha kumbukumbu, kulitafuta huchukua siku.