Pompi mbili hazitoshi, kama sababu ni moja



Katika mgodi wa chini, maji hayajui Siku ya Mungu wala sikukuu. Yanatoka katika mawe mchana na usiku, na pompi ikisimama yanaanza kupanda. Watu wa Kipushi wanalijua jambo hilo. Kule uchimbaji ulisimama mwaka 1993, lakini pompi ziliendelea kukausha shimo. Baadaye pompi zilikosa matengenezo kwa muda mrefu, na mwaka 2011 maji yalijaa mgodini hata yakafika yapata mita 850 chini ya uso wa ardhi. Ilitakiwa kazi ya miaka mingi kuyatoa, na mgodi ulianza kutoa madini tena mwaka 2024.

Pompi ikisimama, sisi huuliza: «Ni kitu gani kilichoharibika?» Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Kuna kitu ambacho kikiharibika peke yake kinasimamisha kazi yote. Kuna kingine ambacho kikiharibika hakuna hasara, mpaka mwenzake naye aharibike. Kwa kutenganisha mambo hayo mawili kuna mchoro unaoitwa mti wa sababu. Ulitungwa mwaka 1962 na H. A. Watson wa maabara ya Bell huko Amerika, kwa kuchunguza makombora ya Minuteman. Leo tutautumia kwa pompi ya maji.

NA, AU

Tuanze nyumbani. Mama anataka kupika bukari. Kama unga umekwisha, hapiki. Kama makala yamekwisha, pia hapiki. Sababu moja tu inatosha. Hapo tunasema: unga hakuna AU makala hakuna.

Sasa fikiri juu ya mwanga wa usiku. Umeme ukikatika, mama anawasha mshumaa. Nyumba itakuwa giza kama umeme umekatika NA mishumaa imekwisha. Sababu moja haitoshi, sharti zote mbili zikutane.

Huo ndio mti wote. Juu kabisa tunaandika baya tunaloliogopa. Chini yake tunaandika sababu zake, na katikati tunaweka mlango. Mlango wa AU unafunguka kwa sababu yo yote moja. Mlango wa NA haufunguki mpaka sababu zote zilizo chini yake zimefika. Kisha tunashuka hatua moja, tunauliza tena swali lile lile kwa kila sababu, mpaka tufike kwa kitu ambacho mtu anaweza kukiona na kukishika kwa mkono.

Tuuchore mti wa pompi

Tuchukue mfano wa kituo kimoja cha pompi chini ya ardhi. Maji ya galeri yanakusanyika katika dimbwi linaloweza kupokea meta kibiki 400 zaidi kabla ya kufurika. Kila saa yanaingia meta kibiki 100. Kuna pompi mbili: ya kwanza inafanya kazi, ya pili inangoja. Umeme unatoka kwa laini, na laini ikikatika kuna grupu la mazuti.

Kwanza tuandike vema baya lenyewe. Tusiandike «pompi imeharibika», kwa maana pompi moja ikisimama kwa dakika kumi hakuna anayeumia. Dimbwi linaweza kungoja saa 4, kwa sababu 400 kugawanya kwa 100 ni 4. Basi juu ya mti tunaandika: «Maji hayapandi kwa saa 4.» Fundi akichora haraka, mti wake utakuwa hivi:

MAJI HAYAPANDI KWA SAA 4, kwa sababu ya 1 AU 2 AU 3:

1. Umeme haufiki:
 – laini imekatika
 NA
 – grupu halishiki

2. Pompi zote mbili hazisukumi:
 – Pompi ya kwanza imesimama (beringi imekwama AU moteri imeungua AU matope yameziba kichujio)
 NA
 – Pompi ya pili haisukumi (iko katika atelie AU vane yake imefungwa AU matope yameziba kichujio)

3. Bomba la kupandisha maji limepasuka.

Ukiutazama mti huu moyo unatulia. Tunaona NA mbili, na kila NA ni kama mlinzi. Bomba tu ndilo linaloweza kutuangusha peke yake. Lakini mchoro huu una uongo ndani yake. Soma tena namba 2 kabla ya kuendelea.

Jina moja pande mbili

Umeliona? «Matope yameziba kichujio» limeandikwa chini ya pompi ya kwanza, na tena chini ya pompi ya pili. Mchoraji ameyahesabu kama mambo mawili. Lakini pompi zote mbili zinanyonya katika dimbwi lile lile. Matope yakijaa hata kufunika kichujio cha kwanza, cha pili nacho kimefunikwa saa ile ile. Kuwasha pompi ya pili hakusaidii. Mlango wa NA umefunguliwa na sababu moja, kama kufuli mbili zenye ufunguo mmoja.

Ndiyo maana kuna sheria hii: ukiona jina moja pande mbili za mlango wa NA, litoe hapo, ulipandishe juu, uliweke chini ya mlango wa AU pamoja na zile zinazotosha peke yake. Na utafute hata yale yasiyoandikwa. Kama pompi zote mbili zinapata umeme katika kabati moja, kabati likiungua zote zinakufa. Basi kabati nalo linapanda juu.

Sasa tusome mti uliosahihishwa. Yanayotosha peke yake ni matatu: matope katika dimbwi, kabati la umeme, bomba la kupandisha. Yanayotaka kukutana ni laini pamoja na grupu, na shida ya pompi ya kwanza pamoja na shida ya pompi ya pili.

Hesabu ndogo

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba pompi ya kwanza inasimama siku 20 katika siku 1000. Tuseme pia kwamba kila mara 20 tunapoiita ile ya pili, mara 1 inakataa. Kwa mlango wa NA tunazidisha: katika zile siku 20, siku 1 tu tutakosa pompi zote mbili.

Matope nayo, tuseme, yanaziba dimbwi siku 5 katika 1000. Kwa mlango wa AU tunajumlisha: 1 na 5 ni siku 6 mbaya.

Sasa mkuu wa kazi ana fedha za kurekebisha kitu kimoja. Akitengeneza pompi ya pili hata ikatae mara 1 tu katika 40, ile siku 1 inakuwa nusu, na jumla inabaki siku 5 na nusu. Lakini akipunguza matope kwa nusu, zile 5 zinakuwa 2 na nusu, na jumla inashuka hata 3 na nusu. Kazi ya koleo katika dimbwi imeshinda pompi mpya. Na kama dimbwi likigawanywa kwa ukuta, kila pompi ikawa na upande wake na mahali pake pa kutulizia matope, basi matope ya upande huu hayafiki upande ule. Hapo NA inakuwa NA ya kweli.

Mlinzi aliyekufa kimya

Kuna shida nyingine ambayo mchoro hauionyeshi wazi. Pompi inayofanya kazi ikifa, kila mtu anajua. Pompi inayongoja ikifa, hakuna anayejua. Mlango wa NA tayari umefunguka nusu, na sisi tunaendelea kusema tuna pompi mbili. Ukiijaribu mara moja kwa mwezi, inaweza kukaa imekufa karibu siku 30. Ukiijaribu kila juma, haiwezi kupita siku 7. Grupu ni vilevile: liwashwe, tena lipewe mzigo, maana grupu linaloshika bila mzigo linaweza kuzimika likianza kuvuta pompi.

Vivyo hivyo siku pompi ya pili inapopelekwa atelie. Tangu saa ile, NA ya namba 2 haipo tena. Beringi moja ya pompi ya kwanza inatosha kusimamisha maji. Shefu wa ekipe inayoingia lazima aambiwe, na iandikwe katika kitabu cha zamu.

Jinsi ya kujua ni tawi gani

Moteri inazunguka lakini maji hayapandi. Usikimbilie kufungua pompi. Tazama saa za vipimo kwanza.

Kama mshale wa ampere umeshuka chini ya kawaida, na mshale wa presha upande wa kusukuma nao umeshuka na unatetemeka, na ndani ya pompi kuna sauti kama ya changarawe, basi pompi haipati maji ya kutosha. Tazama kichujio na matope. Kabla ya kuwasha pompi ya pili, pima kina cha matope, maana huenda nayo iko katika shida ile ile.

Kama ampere zimeshuka lakini presha imepanda, na mwili wa pompi unazidi kupata moto, maji yamefungiwa njia mbele. Tazama vane ya kutolea. Simamisha pompi upesi, kwa maana inachemsha maji yale yale yaliyo ndani yake.

Kama ampere zimepanda na beringi inaunguza mkono, shida ni ya pompi hiyo yenyewe. Hapo ndipo pompi ya pili inapokusaidia kweli.

Mwisho, mti hauwezi kuonyesha sababu ambayo mchoraji hakuifikiri. Kwa hiyo usichorwe na injinia peke yake mezani. Mwenye kuchota matope, mwenye kupaka grisi na mwenye kuwasha grupu waitwe, kila mmoja aulizwe: «Kitu gani kinaweza kusimamisha zote mbili kwa mara moja?» Na saa ihesabiwe tangu maji yanapoacha kupanda. Kama dimbwi ni la saa 4, watu walio chini yake wapandishwe mapema, wasingoje saa ya nne.