Kapo: Sauti Ipande, Vidole Vibaki Palepale

Mtunzi anayejifunza gitaa mara nyingi hutunga kwa G, kwa sababu ndiko vidole vyake vilikozoea: G, Em, C, D, kisha anarudi mwanzo. Wimbo unakamilika, maneno yanakaa sawa, ila akiuimba kwa sauti kamili anakuta mstari wa mwisho wa kila ubeti unazama kifuani na gitaa linaufunika. Kiitikio nacho hakimpi shida. Hata kikipanda kidogo angekifikia. Wimbo wenyewe hauna kasoro. Uko chini tu kuliko koo lake.

Mpiga kinanda wa kwaya angebonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, akaendelea kupiga vilevile. Kwa mpiga gitaa kazi hiyo hufanywa na kapo, kibanio chenye mpira kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa na kubana nyuzi zote sita kwa pamoja. Kila freti moja inayopandishwa huongeza nusu toni.

Namna ya kupata mahali pake ni kuimba, si kukisia. Mtunzi wetu aweke kapo freti ya kwanza, aimbe ule mstari wa chini kabisa, kisha sehemu ya juu kabisa ya kiitikio. Halafu ya pili, halafu ya tatu. Tuseme kwenye ya tatu mstari wa chini unasikika vizuri na kiitikio bado hakimkabi. Hapo ndipo pake. Vidole bado vinapiga G, Em, C na D, lakini kinachosikika ni Bb, Gm, Eb na F. Bila kapo, kodi hizo nne kwa kawaida hupigwa kwa kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi, jambo linalomtesa anayeanza.

Tatizo huja siku ya mazoezi na wenzake. Mpiga besi akiuliza wimbo uko ufunguo gani, mtunzi hujibu "G", kwa kuwa ndicho anachokiona mkononi. Besi inaanza, na kila kitu kinagongana. Jibu sahihi hupatikana kwa kuhesabu nusu toni kuanzia umbo la G: G#, A, Bb. Freti tatu, kwa hiyo ni Bb.

Sasa wimbo huohuo aombwe kuuimba rafiki mwenye sauti nzito, ambaye hata G ya mwanzo ilikuwa juu kwake, anataka F. Kapo haishushi, hupandisha tu. Kutoka umbo la G hadi F ni freti kumi, mahali ambapo vidole havipati hata pa kukaa. Njia ni kubadili familia ya kodi: apige D, Bm, G na A, kapo ikiwa freti ya tatu, na kitakachosikika ni F, Dm, Bb na C. Kikwazo ni Bm, nayo huhitaji kidole kilazwe. Anaweza kuweka Bm7 badala yake: vidole vitatu kwenye freti ya pili ya nyuzi ya tano, ya tatu na ya kwanza, nyuzi ya nne na ya pili ziachwe wazi, ya sita isipigwe. Huzuni ya Bm hupungua kidogo, lakini katika nyimbo nyingi haidhuru.

Kapo ikikaa vibaya, gitaa lenyewe litasema. Inatakiwa kuwa karibu kabisa na freti, upande wa kichwa cha gitaa. Ikipanda juu ya chuma cha freti, sauti hufifia. Ikikaa mbali nacho, nyuzi mojawapo huvuma kama nzi. Ikibana kupita kiasi, nyuzi hupanda na kodi husikika kama zimekosewa. Kwa hiyo gitaa hutyuniwa upya kapo ikiwa imeshafungwa. Mwenye gitaa la nyuzi za nailoni atafute kapo iliyonyooka, kwani shingo ya gitaa hilo kwa kawaida ni bapa, na kapo iliyopinda huacha baadhi ya nyuzi bila kubanwa vizuri.

Kadiri kapo inavyopanda, nyuzi huwa fupi, besi hupungua na gitaa hulia kwa sauti nyembamba. Wapo wanaoikimbia sauti hiyo, na wapo wanaoitafuta. George Harrison wa kundi la Beatles alifunga kapo freti ya saba katika "Here Comes the Sun", wimbo wa mwaka 1969. Mkono wake hupiga maumbo ya D. Wimbo husikika kwa A. A ni kodi nyepesi hata bila kapo, kwa hiyo hakuwa akiikwepa. Maumbo ya D, vidole vikicheza kwenye nyuzi nyembamba za juu, ndiyo yaliyompa mng'ao ambao umbo la kawaida la A lisingeutoa.