Kazi za Usiku Zinapobadili Mikono

Katika kampuni nyingi zenye matawi, mauzo ya siku huenda makao makuu yenyewe. Usiku seva huchukua rekodi za jana kutoka kila tawi na kuziingiza kwenye kanzidata kuu, ili mhasibu azikute asubuhi. Fundi aliyezipanga kazi hizo akihama, mrithi wake mara nyingi ni kijana mgeni ofisini, naye huachiwa hati ya makabidhiano. Hati nyingi za namna hiyo ni orodha tu ya majina ya kazi na saa zake, mambo ambayo kijana angeyaona mwenyewe kwa kuandika `crontab -l`. Anachohitaji kuandikiwa ni yale ambayo seva haitamwambia.

Tuchukue mfano wa msambazaji wa dawa mwenye makao Dar es Salaam na matawi Mwanza, Mbeya na Tanga. Kazi yake ya mauzo huanzishwa na mstari huu:

```
0 2 * * * flock -n /tmp/mauzo.lock /opt/kazi/mauzo.sh
```

Namba mbili za mwanzo ni dakika na saa: saa nane kamili usiku. Lakini ni saa nane ya wapi? Seva nyingi za kukodi hufuata saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, kwa hiyo Dar es Salaam inakuwa saa 11 alfajiri. Hati itaje saa zote mbili, na ieleze kwa nini ikachaguliwa hiyo. Siku moja mhasibu ataomba ripoti iwahi, na kijana ataisogeza kazi hadi saa saba usiku ya Dar es Salaam, yaani 22:00 ya UTC. Wakati huo tarehe ya seva bado haijageuka. Programu ikijiuliza jana ilikuwa lini, itachukua mauzo ya juzi, na itafanya hivyo kila usiku bila kutoa kosa lolote.

Neno hilo "jana" lina mtego mwingine, na hapa ndipo hati inapostahili kurasa zake nyingi. Tuseme mtandao wa Mwanza ulikatika alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, na mauzo ya Jumamosi hayakuja. Jumatatu asubuhi mhasibu anapiga simu: "Mdogo wangu, Jumamosi ya Mwanza iko wapi?" Kijana anaiendesha kazi upya kwa mkono. Inamaliza salama, ila imeleta Jumapili, kwa sababu jana ya Jumatatu ni Jumapili. Pengo la Jumamosi liko pale pale. Zaidi ya hapo, kama programu huongeza rekodi bila kufuta zilizokuwapo za siku hiyo, mauzo ya Jumapili sasa yamehesabiwa mara mbili. Kwa hiyo kila kazi iandikiwe mambo mawili: kama inaweza kurudiwa bila madhara, na amri kamili ya kuleta siku iliyopotea. Kwa kazi hii, iliyotengenezwa ipokee tarehe na kufuta kwanza rekodi za siku husika, amri ni:

```
/opt/kazi/mauzo.sh 2025-03-08
```

Sehemu ya `flock -n` huzuia kazi mbili zisiendeshwe kwa pamoja. Ni kinga nzuri, lakini kazi ya jana ikikwama, ya leo huondoka kimya kimya bila kufanya kitu. Ndiyo maana mimi siamini ujumbe wa "imekamilika". Hati impe kijana swali la kuiuliza kanzidata yenyewe kila asubuhi:

```
SELECT tawi, MAX(tarehe) FROM mauzo GROUP BY tawi;
```

Kila tawi lionyeshe tarehe ya jana. Tanga ikibaki nyuma, aangalie kwanza kalenda ya matawi, kwa sababu kama duka hufungwa Jumapili, hakuna kilichoharibika. Hilo nalo liandikwe, la sivyo atatumia Jumatatu nzima kutafuta kosa ambalo halipo.

Nywila zisiwemo kabisa. Hati itaje zinakotunzwa na nani anaidhinisha kuzipata, basi.

Linalobaki husahaulika sana: kazi hizi huendeshwa kwa akaunti ya nani? Zikiwa chini ya akaunti binafsi ya anayeondoka, siku akaunti hiyo itakapofutwa zitakufa nayo, pamoja na funguo zake za kuingilia seva za matawi. Zihamishiwe akaunti ya huduma isiyo ya mtu yeyote. Kisha akaunti ya mzee ifungwe wakati bado yupo ofisini, katikati ya wiki, na kijana aziendeshe kazi zote kwa kufuata hati peke yake. Kila anapolazimika kumgeukia mzee na kumuuliza, jibu liingizwe kwenye hati hapo hapo.