Wa Tatu Hatacheka: Shairi Moja la Kughani Mstarini

Mwaka jana mvulana wa kidato cha pili alinijia na karatasi mbili zilizojaa maandishi. Alikuwa amepewa zamu ya kughani shairi Jumatatu asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, na mada aliyoichagua mwenyewe ilikuwa wasichana wanaokosa masomo kwa sababu ya hedhi. Ninafundisha Kiswahili na ninasimamia chama cha fasihi cha shule yetu, kwa hiyo kazi ya kulisikiliza kwanza ilikuwa yangu.

Karatasi ya kwanza ilianza kwa kumsalimu mwalimu mkuu, walimu, viranja na wanafunzi wenzake. Kisha ikaingia kwenye jamii, usawa, haki na mustakabali wa taifa. Ya pili ilieleza kwamba Kenya ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuwapa wasichana wa shule taulo za kike bila malipo, na kwamba Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Habari zote hizo ni za kweli, na zilinifurahisha kwa sababu alizitafuta. Lakini niliposikiliza nikiwa nimefumba macho, sikumwona mtu hata mmoja.

Nilimuuliza ni lini yeye mwenyewe aliliona jambo hili. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema aliwahi kumcheka msichana aliyejifunga sweta kiunoni. Shule yetu iko nyanda za juu. Asubuhi kila mtoto huja amevaa sweta, na mchana jua likiwaka hulivua. Anayelifunga kiunoni huwa ana jambo analolificha, na darasa zima linalijua.

Hapo ndipo shairi lilipopatikana. Tuliziweka kando karatasi zile mbili tukaanza upya na sweta. Hili ndilo tulilolifikia baada ya wiki mbili:

Jua la saa saba.
Jua la Oktoba, la kupasua bati.
Na yeye kajifunga sweta kiunoni.

Sweta la nini, na sote tunatoka jasho?
Aliuliza mmoja, nyuma yangu.
Wa pili akakohoa.
Wa tatu akacheka.
Wa tatu ni mimi.

Siku ya kwanza, kiti chake kitupu.
Siku ya pili, kiti chake kitupu.
Siku ya tatu mwalimu akaita jina.
Darasa kimya.
Siku ya nne, hesabu mpya ubaoni.
Siku ya tano tukaifanyia jaribio.
Kiti chake, kitupu.

Nyumbani, dada yangu anafua.
Anafua usiku, taa imezimwa.
Dada, mbona unafua gizani?
Kitambaa hiki hakianikwi mchana.
Kwa nini?
Kwa sababu yenu.
Sikumuuliza, sisi kina nani.
Nilijua.

Pakiti moja, vipande vinane.
Bei yake, kilo ya unga.
Mama ana noti moja mkononi.
Anunue kipi?
Wewe ungenunua kipi?

Kesho mwingine atajifunga sweta.
Nyuma yake atakuwepo wa kwanza.
Atakuwepo wa pili.
Wa tatu
hatacheka.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulikuwa nani aseme. Mvulana alitaka kughani kama msichana: mimi naumia, mimi nalia. Nilimkatalia. Mstarini wamesimama wote kwa pamoja, aliyeumizwa, aliyeumiza na aliyetazama tu. Ukisema kwa kinywa cha aliyeumizwa, macho ya shule nzima huanza kumtafuta ni nani huyo, na ubeti wa pili haujaisha wameshamgeukia. Aliyesema “wa tatu ni mimi” aliyavuta macho yote kwake. Rasimu ya kwanza ya shairi hili jipya ilitaja mkondo wa darasa na viraka vya viwikoni kwenye sweta. Tulivifuta vyote viwili, kwa sababu viraka tu vingetosha kumtambulisha binti wa watu. Kabla ya siku yenyewe nilimpa shairi mlezi wa wasichana alisome peke yake, aniambie kama kuna anayeweza kujiona amesemwa. Hatua hii naiona ya lazima kwa kila shairi la mstarini linalogusa aibu ya mtu, iwe ni ada, ugonjwa au mzazi mlevi.

Jambo la pili ni sikio. Msomaji akikwama hurudi nyuma akasoma tena, lakini aliyesimama juani hana pa kurudi. Ndiyo maana shairi zima lina namba moja tu inayohitaji kukumbukwa, ile ya vipande vinane. Sheria ya Kenya na kodi ya Tanzania tulimwachia mwalimu wa zamu, akazieleza baada ya shairi. Siku za juma zimehesabiwa moja baada ya nyingine kwa makusudi, kwa sababu msikilizaji akishasikia ya kwanza na ya pili, sikio lake linaingoja ya tatu. Na ile “kiti chake kitupu” inarudi mwishoni mwa ubeti hata kwa aliyekuwa anachezea kifungo cha shati aidake.

Huenda mtu akauliza vina viko wapi. Ninayapenda mashairi ya kimapokeo yenye mizani kumi na sita kwa mshororo, na ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala katika miaka ya Azimio la Arusha zilinifunza, nikiwa mtoto, kwamba shairi linaweza kuwa watu wawili wanaobishana mbele ya umati. Yale maswali ya kaka na majibu ya dada yametoka huko. Lakini Kiswahili hutoa vina kwa urahisi mno. Anapigwa, anatengwa, anachekwa, anaachwa: mtoto anaweza kuendelea hivyo ukurasa mzima bila kufikiri, na kila kitenzi kinachoishia na “wa” humficha mtendaji. Nani anamcheka? Katika rasimu ya kwanza hakuwepo. Tulipoacha vina vya namna hiyo, mtendaji alilazimika kujitokeza, na akawa yeye mwenyewe.

Kuhusu urefu, msihesabu mistari. Mpe mtu simu apime muda huku mghani akighani kwa sauti ya uwanjani, vituo vyote vikiwemo. Shairi hili halifiki maneno mia mbili, lakini lilichukua karibu dakika mbili na nusu. Karatasi zile mbili za mwanzo, kwa mwendo huohuo, zingepita dakika saba, na kwa uzoefu wangu mstari wa wanafunzi huanza kuyumba baada ya dakika ya nne.

Kisha tukatoka nje kufanya mazoezi, na hapo tukagundua kosa ambalo darasani halikusikika. Niliwaweka wanafunzi watatu mwisho wa uwanja na kuwaomba waandike mstari wa mwisho kama walivyousikia. Wawili waliandika “wa tatu atacheka.” Shairi lote lilikuwa limepinduka! Tatizo liko kwenye lugha yenyewe. Katika kitenzi cha Kiswahili, ukanusho mara nyingi hukaa mwanzoni kabisa: atacheka, hatacheka. Kinachotenganisha ahadi na tishio ni pumzi ya “h” peke yake, na mkazo wa neno uko mbali, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiunganisha “tatu” na “hatacheka” kwa pumzi moja, irabu ya mwisho ya neno la kwanza huimeza ile “h”, na upepo humalizia kazi.

Dawa tuliyoipata ina sehemu mbili. Kwanza tuliukata mstari, “hatacheka” likasimama peke yake, na mvulana akafundishwa kufunga mdomo baada ya “tatu,” avute pumzi kupitia puani, kisha aisukume “ha” kama mtu anayepuliza kioo apate ukungu. Pili, tulipitia shairi lote kwa kalamu nyekundu na kuzungushia kila neno la kukanusha: hakianikwi, sikumuuliza. Kabla ya kila moja tuliweka mkwaju mdogo wenye maana ya simama. Tuliporudia jaribio, wote watatu waliandika sawasawa. Jaribio hili halihitaji chochote zaidi ya karatasi tatu, na linafichua pia silabi za mwisho zinazomezwa. “Nilijua” bila “a” yake ya mwisho husikika kama neno lililokatwa katikati.

Mahali pa kusimama pia tulipachagua kabla. Bendera ya shule inaonyesha upepo unakovuma. Simama upepo ukiwa mgongoni mwako, uibebe sauti kuelekea kwa watu. Ukuta nyuma yako husaidia, kwa hiyo baraza la ofisi ni pazuri kuliko katikati ya uwanja. Kama kuna kipaza sauti, kiweke umbali wa upana wa kiganja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, la sivyo kila “p” ya “pakiti” na “vipande” italipuka kama puto. Mvulana alikuwa na mazoea ya kupaza sauti akifika penye uchungu. Nilimwomba afanye kinyume: “kwa sababu yenu” aliseme kwa sauti ya chini kuliko yote, kwa kuwa dada anayefua gizani hapigi kelele. Kwenye mazoezi, wale watatu waliinamisha vichwa mbele kulisikia.

Karatasi hakuibeba, kwani hutetemeka hata kama mkono umetulia. Alilihifadhi kwa kutembea, ubeti mmoja kwa kila safari ya kutoka bweni hadi kisimani. Mikono iwe wapi ni swali wanaloliuliza wote. Kwa shairi hili ilikaa kando ya mwili, ikasogea mara moja tu, kwenye “sweta kiunoni,” akagusa kiuno chake. Wapo waghani wanaochora kila neno hewani, na msikilizaji akawa anatazama vidole.

Jumatatu ilipofika hakusalimu mtu. Alitembea mpaka barazani, akasubiri minong'ono itulie, akasema, “Jua la saa saba.” Kwenye “wa tatu ni mimi” kikapita kicheko upande wa wavulana wa kidato cha nne. Tulikuwa tumelitarajia hilo, na maagizo yake yalikuwa kutoliharakisha wala kulikemea: asubiri kife chenyewe. Alisubiri, na alipofika kwenye kiti kitupu cha mara ya tatu sikusikia hata kikohozi.

Tulikuwa tumekubaliana pia asiseme asante mwishoni, kwa sababu neno hilo humpa kila mtu ruhusa ya kupiga makofi na kusahau. Ahesabu hadi tano akiwa amesimama, kisha arudi mstarini mahali pake. Nilimwona akihesabu kwa vidole ubavuni mwa suruali. Alipofika tano alishuka barazani, na kiongozi wa zamu akachelewa kidogo kuagiza wimbo wa shule.