Mstari wa 1,500

Jeni ya 16S ya bakteria ikishanakiliwa kwa PCR, ndani ya kijichupa huonekana maji matupu. Ndiyo maana kimiminika hicho hutiwa kwenye vishimo vya jeli ya agarosi ya asilimia 1. DNA ina chaji hasi, hivyo umeme huivuta kuelekea upande chanya, na vipande vifupi hutangulia. Ikishatiwa rangi na kumulikwa, mstari mmoja mkali karibu na jozi 1,500 ni dalili njema. Lakini mimi hutazama kwanza sampuli iliyowekewa maji badala ya DNA: ikitoa mstari uleule, kuna uchafuzi, na hata mistari mizuri ya jirani haiaminiki. Tena, urefu pekee hautambulishi bakteria gani. Hilo hudai kusoma mfuatano wa DNA yenyewe.