Babu Ametimiza Siku 29,220

Kwenye sherehe ya mzee anayetimiza miaka 80, watoto wake husimama kushukuru na wajukuu husimama kutania. Ndivyo desturi ilivyogawa kazi. Katika jamii nyingi za Tanzania babu na mjukuu ni watani: babu humwita mjukuu wa kike mchumba wake, mjukuu wa kiume humtishia babu kwamba atamnyang'anya bibi, na hakuna anayekasirika. Mtoto wa mzee akisema ukumbini kwamba baba amechakaa, watu watainamisha nyuso. Mjukuu akiyasema hayohayo, mzee mwenyewe atakuwa wa kwanza kucheka. Kwa hiyo risala ya kumhesabia babu umri kwa miezi, wiki na siku, ambayo kwa kweli ni namna ndefu ya kumwambia kwamba amekula chumvi nyingi, apewe mjukuu.

Utani huu una sharti moja, nalo ni kwamba hesabu iwe sahihi. Katika ukumbi wowote hakosi mwalimu mstaafu mwenye kalamu mfukoni, na mjukuu akikosea, mwalimu huyo ndiye atakayechekesha watu, si yeye. Tuchukue babu wa mfano, aliyezaliwa 11 Julai 1946, na ambaye familia yake inamfanyia sherehe Jumamosi ya 11 Julai 2026.

Miezi haina shida. Miaka 80 mara 12 ni miezi 960. Balaa huanzia kwenye wiki, kwa sababu wengi huzidisha 80 kwa 52, wanapata 4,160, wanaandika na kufunga daftari. Wiki 52 ni siku 364 tu. Kila mwaka siku moja imedondoka njiani, na kila mwaka mrefu zimedondoka mbili. Kwa miaka 80 hizo ni siku 80, na juu yake siku 20 za miaka mirefu, jumla siku 100. Babu amepunjwa wiki 14 na siku mbili za uhai wake na mjukuu wake mwenyewe. Anayezidisha miezi 960 kwa wiki nne ndiye mwizi zaidi: anapata wiki 3,840, yaani amemfuta mzee zaidi ya miaka sita.

Njia salama ni kuanza na siku kisha kushuka. Miaka 80 mara siku 365 ni siku 29,200. Ongeza siku moja kwa kila tarehe 29 Februari iliyopita katikati. Ya kwanza kwa babu wetu ilikuwa mwaka 1948, ya mwisho mwaka 2024, na zote ni 20. Mwaka 2000 nao umo, ingawa miaka mingi inayoishia na sifuri mbili huwa haihesabiwi mirefu; 2000 hugawanyika kwa 400, ndiyo maana Februari yake ilikuwa na siku 29. Jumla ni siku 29,220. Gawa kwa saba, unapata wiki 4,174 na baki ya siku mbili. Hesabu hii inamfaa kila anayetimiza miaka 80 siku hizi, awe amezaliwa Januari au Desemba, maana miaka mirefu ndani ya miaka 80 hiyo huwa 20 daima.

Hiyo baki ya siku mbili isitupwe, kwani ndiyo yenye utamu kuliko namba zote kubwa. Maana yake ni kwamba siku ya wiki aliyozaliwa babu iko siku mbili nyuma ya siku ya wiki anayotimizia miaka 80. Sherehe ni Jumamosi; basi cheti kinasema alizaliwa Alhamisi. Sasa tuseme babu huyu anaitwa Juma. Huku kwetu watoto wengi walipewa majina ya siku waliyozaliwa, na mtoto wa Alhamisi alitarajiwa kuwa Khamisi. Juma katoka wapi?

Kabla ya kumtilia shaka karani, uliza alizaliwa saa ngapi. Kwa hesabu ya wazee wa Pwani siku huanza jua linapozama, si saa sita usiku. Usiku unaofuata mchana wa Alhamisi ni usiku wa Ijumaa. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili usiku ni Juma mbele ya mkunga, na ni wa tarehe 11 mbele ya karani, na wote wawili wamesema kweli. Lakini ikithibitika alizaliwa mchana, basi ama tarehe imekosewa, ama amerithi jina la babu yake, jambo ambalo nalo ni la kawaida sana. Mjukuu anayefika na swali hilo kwa shangazi wakubwa wiki moja kabla ya sherehe atarudi na habari ambazo hakuna kikokotoo kitakachompa.

Kama familia ni ya Kiislamu, kuna umri wa pili wa kuchezea. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa ukutani kwa siku kama 11, kwa hiyo siku zilezile 29,220 zinatoa miaka 82 na miezi mitano na ushei. Babu wetu alizaliwa Shaaban ya mwaka 1365 na anasherehekewa Muharram ya 1448. Kwa mwezi wa angani ameshamaliza miezi 989, si 960. Hapa mjukuu anaweza kumshtaki mzee kwamba amekuwa akijipunguzia umri kwa miaka miwili na zaidi, tena mbele ya mashahidi.

Na kwa familia za Tanga na Morogoro iko namba nyingine niipendayo kuliko zote. Kwenye mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, kibarua alipewa kipande, kadi ya kuwekewa alama kwa kila siku aliyofanya kazi. Kadi ilikuwa ya siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa zikijaa, hata kama mwezi wa kalenda ulikwisha zamani. Gawa 29,220 kwa 30. Jibu ni 974, bila kubaki hata siku moja. Babu amejaza vipande 974 kamili, na msimamizi hana hoja ya kumkata.

Hapo ndipo mjukuu hunogewa akataka kuongeza saa, dakika, sekunde na mapigo ya moyo. Mimi ningemkataza. Sekunde 2,524,608,000 ni namba ambayo hakuna sikio linaloishika, na ikisomwa taratibu humaliza hamu ya pilau. Namba tatu au nne zinatosha, kila moja ikiwa imefungwa kwenye jambo ambalo ukumbi mzima unalijua. Ziandikwe kwa maneno kwenye karatasi, maana kijana anayekutana na tarakimu 29,220 mbele ya kipaza sauti hujikwaa, na utani wa hesabu ukijikwaa hauinuki tena.

Ndoa pia ihesabiwe. Tuseme Juma alimuoa bibi Jumamosi ya 4 Julai 1970. Kutoka Jumamosi hadi Jumamosi hakuna baki, hata ipite miaka mingapi, na hapa zinapatikana wiki 2,923 kamili. Risala yenyewe ingeweza kwenda hivi:

"Shikamoo babu. Wazee wangu wote, shikamooni. Wajukuu wenzangu wamenituma nilete mahesabu, kwa sababu baba na shangazi wanasema babu ana miaka themanini, na sisi tumeona wanamwonea. Themanini ni nini? Hata ungekuwa ni shilingi, babu, konda angekushusha. Sisi tumekuhesabu kwa miezi, tumepata mia tisa na sitini. Tumekuhesabu kwa wiki, tumepata elfu nne, mia moja na sabini na nne, na siku mbili zikabaki. Hizo siku mbili tumezitafuta sana. Bibi anasema ni zile ulizoaga unakwenda Muheza kuangalia machungwa, ukarudi bila hata chungwa moja. Tukaona tukuhesabu kwa siku: elfu ishirini na tisa, mia mbili na ishirini. Na kila siku katika hizo, tangu redio iingie nyumbani, umeuliza nani kaigusa. Babu, leo nakiri, ni mimi. Mwisho tukahesabu ndoa. Bibi, wewe na babu mna wiki elfu mbili, mia tisa na ishirini na tatu, na hakuna kilichobaki. Babu peke yake hagawanyiki, tumejaribu. Akiwekwa na wewe, hesabu inakubali."

Hiyo ni dakika mbili, na inatosha. Kuhusu safari ya Muheza, mzee aulizwe faraghani siku moja kabla. Utani wa mjukuu una mipaka yake, na safari nyingine zilikuwa na sababu ambazo bibi hajasahau.

Iko shida moja ambayo hesabu haiwezi kuitatua. Wazee wengi waliozaliwa miaka hiyo hawana tarehe, wana mwaka tu, na pengine hata mwaka wenyewe ulikisiwa walipoandikishwa shule au kazini. Wengine nyaraka zao zinasema 1 Januari au 1 Julai kwa sababu karani alihitaji kujaza nafasi. Ukiona tarehe ya namna hiyo, uliza kabla ya kutangaza siku ya wiki. Kwa mzee kama huyo kuhesabu siku moja moja ni kujidanganya. Bora kuanzia jambo ambalo tarehe yake haina ubishi. Kutoka Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, hadi sherehe ya Julai 2026 ni siku 23,590, na karibu kila mzee wa umri huo anakumbuka alikuwa wapi usiku ule. Kwa Juma wetu, ambaye tarehe yake inajulikana, Uhuru ulimkuta ametimiza siku 5,630, kijana wa miaka 15.

Familia zinazopenda shughuli zinaweza kuitumia hesabu hii kupanga mbele. Miezi ya angani ya babu itafika 1,000 katikati ya Mei 2027. Siku zake zitatimia 30,000 tarehe 29 Agosti 2028, ambayo kwa bahati mbaya ni Jumanne, siku mbaya kukodi ukumbi. Miezi ya kalenda itafika 1,000 tarehe 11 Novemba 2029, nayo ni Jumapili, kwa hiyo kamati ya michango inaweza kuanza kupitisha daftari mapema.