Magamba ya Kakakuona Yanapoonekana Pichani

Kakakuona ndiye mamalia pekee mwenye mwili uliofunikwa kwa magamba. Yako mgongoni, kichwani, ubavuni, mkiani na upande wa nje wa miguu, yakilaliana kama vigae vya paa. Uso, tumbo na upande wa ndani wa miguu huachwa wazi, na ndiyo sababu mnyama huyu akitishwa hujikunja akawa mviringo na kuficha sehemu laini. Kinga hiyo humshinda hata simba, lakini kwa binadamu haimsaidii kitu: mtu humwokota na kumtia guniani.

Afrika ina aina nne za kakakuona, na Asia ina nne nyingine. Katika nyika za Tanzania na Kenya anayepatikana zaidi ni kakakuona wa ardhini, anayefikia kilo 12 au zaidi. Misitu ya Uganda na Kongo, pamoja na vipande vya misitu ya magharibi ya Kenya na Tanzania, ina kakakuona wa miti mwenye tumbo jeupe, mdogo wa kilo 1 hadi 3. Kakakuona mkubwa, ambaye huvuka kilo 30, ni adimu zaidi. Aina zote nane ziliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa CITES kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na uamuzi huo ukaanza kutumika Januari 2017. Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa ya mnyama aliyetolewa porini, awe hai au vipande, imefungwa. Ndani ya nchi, sheria ya Tanzania humweka katika nyara za serikali, na Kenya na Uganda nazo zina sheria zao za kumlinda. Hakuna duka, kibanda wala mganga anayeweza kuweka magamba mezani akasema ni bidhaa ya kawaida.

Hata hivyo magamba huwekwa mezani, hupigwa picha, na picha husambaa kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook. Anayeiona kwanza mara nyingi si askari wa wanyamapori bali mteja, jirani au mwanakikundi. Swali lake la kwanza huwa hili: hiki ninachokiona ni magamba kweli?

Gamba limeundwa kwa keratini, dutu ileile ya kucha, kwato na pembe la ng'ombe. Kwa sababu hiyo kipimo maarufu cha mitaani, kuchoma kipande na kunusa harufu ya nywele zilizoungua, hakitenganishi chochote. Pembe la ng'ombe litanuka hivyohivyo, na aliyechoma atakuwa ameharibu kielelezo. Kinachotenganisha ni umbo. Gamba lina shina na ncha. Shina ndiyo sehemu iliyokuwa imezama kwenye ngozi: ni jembamba, rangi yake imepauka, na aghalabu lina mabaki ya ngozi iliyokauka. Ncha ni nene na nyeusi zaidi, na kwa kakakuona mzee wa ardhini huwa imesagika kwa kuchimba na kupita kwenye mashimo. Upande wa juu una mifereji myembamba mingi inayokwenda sambamba kutoka shina kuelekea nchani. Upande wa ndani ni laini, na una mstari uliopinda unaoonyesha mahali ngozi ilipoishia. Mifereji hiyo ndiyo alama bora kwenye picha, ila mwanga wa simu ukipigwa moja kwa moja huifuta. Picha iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, hata kama ni mbaya kwa macho, hufaa zaidi.

Vitu vinavyochanganywa na magamba si vingi. Magamba ya samaki wakubwa ni membamba, hupitisha mwanga, na mistari yake huzunguka kitovu badala ya kunyooka. Vipande vya pembe la ng'ombe vina kingo zilizokatwa kwa msumeno au kisu, na kila kipande kina umbo lake. Magamba hufanana kwa mtindo mmoja huku yakitofautiana ukubwa, kwa kuwa ya mgongoni ni mapana na ya miguuni ni madogo. Vigamba vya kobe wa nchi kavu vina pembe nyingi na miduara inayoizunguka sehemu ya katikati. Vya ng'amba wa baharini ni vikubwa, vya manjano yenye mabaka ya kahawia, na vinang'aa. Hapo iko haja ya tahadhari ya aina nyingine: kugundua kwamba si kakakuona hakumalizi jambo, kwa sababu ng'amba naye analindwa.

Ukubwa husaidia kukisia aina, mradi picha iwe na kitu cha kulinganisha. Magamba ya kakakuona wa miti ni madogo na membamba, na yasiyochakaa huwa na ncha tatu ukingoni. Ya kakakuona wa ardhini ni mapana na mazito, na ya kakakuona mkubwa yanaweza kujaza kiganja. Kisio hilo lisivuke mpaka wake. Unga uliosagwa hauwezi kutambuliwa kwa picha hata kidogo, na gamba moja lililochongwa pete au kushonwa ndani ya hirizi huwa limepoteza shina na ncha.

Chukulia picha iliyotumwa kwenye kundi la wafanyabiashara wa mji mmoja. Inaonyesha sinia ya plastiki kwenye meza ya dawa za asili, na ndani yake vipande kama 40 vya rangi ya kahawia; pembeni iko chupa ya soda na kizibo chake. Maneno yaliyoandikwa chini ni mafupi: dawa ya kinga, bei njoo inbox. Kizibo cha soda kina upana wa karibu sentimita 3. Vipande vilivyo karibu nacho vinaonekana kuwa na upana wa kizibo kimoja na nusu. Vitatu vimelala chali, na juu ya kimoja unaonekana mstari uliopinda. Vilivyolala kifudifudi vina mifereji inayoanzia upande mmoja tu, na upande huo ndio uliopauka. Kingo hazina alama ya msumeno. Mtazamaji makini hapo hasemi "ni kakakuona". Husema vitu hivyo vinafanana na magamba ya kakakuona, pengine wa ardhini, kisha anataja dalili alizoziona.

Kabla ya kupeleka taarifa kuna swali jingine: je, picha ni ya hapo na ya sasa? Matapeli hupenda kuchukua picha za zamani kutoka habari za ukamataji na kuwauzia watu ahadi. Kuitafuta picha kupitia Google Lens huweza kuonyesha kwamba ilishatokea mahali pengine. Ikiwa ni ya zamani, taarifa bado ina maana, lakini itakuwa ya udanganyifu, na ofisa atakayeipokea anapaswa kuambiwa hivyo mapema asije akatuma gari bure. Chupa ya soda ya nchi hiyo, namba ya simu ya hapo na lugha ya tangazo ni vitu vinavyoipa picha uzito.

Ushahidi wa mtandaoni hufutika kwa kidole kimoja, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhifadhi: picha ya skrini inayoonyesha tangazo zima, jina la akaunti, namba ya simu, tarehe na saa, pamoja na kiungo cha ukurasa kilichonakiliwa neno kwa neno. Aliyepiga picha mwenyewe sokoni aitume kama Document, si kama picha ya kawaida, kwani WhatsApp huondoa taarifa za ndani za faili, zikiwemo muda na mahali ilipopigwa. Kitufe cha kuripoti ndani ya Facebook kina nafasi yake, lakini kikitangulia tangazo huweza kuondolewa kabla mamlaka hazijaliona.

Makosa makubwa hutokea hapa, na hufanywa na watu wenye nia njema. Mmoja huandika chini ya tangazo kwamba hiyo ni haramu. Muuzaji hufuta kila kitu na kubadili laini. Mwingine husambaza picha kwenye makundi kumi ili "watu wajue", na kwa kufanya hivyo anamtangazia muuzaji wateja. Wa tatu hujifanya mnunuzi ili apate ushahidi zaidi. Huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote: akishika magamba ameshika nyara bila kibali, na hana cha kumwonyesha askari atakayewakuta pamoja. Mitego ya ununuzi ni kazi ya askari walioidhinishwa.

Taarifa yenyewe hupelekwa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, ofisi ya TAWA au kituo cha polisi nchini Tanzania. Kenya ni KWS, Uganda ni UWA, na Kongo ni ICCN. Iwe fupi na ieleze kilichoonwa, wapi, lini, na kiasi. Kiasi kina maana kuliko kinavyodhaniwa. Mwezi Aprili 2019 Singapore ilikamata makontena mawili yaliyotoka Nigeria kuelekea Vietnam, moja likiwa na tani 12.9 za magamba na jingine tani 12.7. La pili lilikadiriwa kuwa limetokana na kakakuona 21,000 hivi, yaani takriban kilo 0.6 kwa mnyama mmoja wa miti. Kwa hesabu hiyo gunia la kilo 30 ni wanyama kama 50, na ofisa anayesoma "gunia" badala ya "sinia" anajua anashughulika na msambazaji, si mganga mwenye akiba ya zamani. Mtoa taarifa anaweza kuomba jina lake lisiandikwe, na aombe hivyo mwanzoni, kabla ya kusaini chochote.

Picha huishia kuwa sababu ya kuanza uchunguzi. Mahakamani kinachohitajika ni magamba yenyewe, yaliyokamatwa na kuorodheshwa, yenye kumbukumbu ya kila mkono yaliyopitia, pamoja na mtaalamu wa kuyatambua. Aina ikibishaniwa, kipimo cha vinasaba hujibu kile ambacho jicho haliwezi. Kesi nyingi hulegea kwenye kumbukumbu hizo za makabidhiano, na hiyo ni sababu nyingine ya raia kutogusa kilichopo mezani.

Picha ya kakakuona aliye hai hubadilisha mwendo wote. Sehemu kadhaa za Tanzania ilikuwa desturi, na bado hutokea, akionekana kijijini kupelekwa mbele ya watu na kuwekewa maji, nafaka na silaha ili atabiri mwaka. Picha za namna hiyo zina umati, viongozi na mnyama katikati, na si lazima kuna biashara. Ya muuzaji huonyesha mnyama ndani ya ndoo, gunia au chumba, peke yake. Vyovyote iwavyo muda ni mfupi. Kakakuona hula sisimizi na mchwa tu, hudhoofika haraka akifungiwa, na hufa kwa hofu na kukosa maji hata kama hakupigwa. Taarifa ya aina hii hupigwa kwa simu, si kuandikwa, na anayemkuta kijijini humwacha kivulini mahali palipotulia, bila kumpa ugali wala maziwa na bila kumkunjua, mpaka ofisa afike.